Mita Isiyogusa Maji: Kufunga Vihisi Nje ya Bomba Bila Kudanganyika

Mafundi wa maji wanaipenda mita ya ultrasoniki inayobanwa nje ya bomba kwa sababu moja iliyo wazi: bomba halikatwi. Pampu haizimwi, flanji hazifunguliwi, na mtaa haukosi maji mchana kutwa. Vihisi viwili vinapakwa grisi na kufungwa mkanda juu ya chuma, vipimo vya bomba vinaingizwa kwenye kisanduku, na muda si mrefu kioo kinaonyesha mita za ujazo kwa saa. Urahisi huo ndio unaoficha makosa. Mita ya panga ikichoka husimama, au hupiga kelele. Hii ikifungwa vibaya huendelea kutoa namba nadhifu, yenye desimali mbili, na hakuna anayeishuku.

Ili kuona makosa yanapoingilia, inabidi kujua kwanza mita hii inapima nini. Haipimi ujazo, na haipimi hata mwendo wa maji moja kwa moja. Inapima muda. Kihisi cha kwanza kinatuma mlio usiosikika na sikio, unapita ukuta wa bomba, unavuka maji kwa mshazari, unagonga ukuta wa pili na kurudi kwa kihisi mwenzake. Kisha vinabadilishana: aliyetuma anapokea. Mlio unaokwenda na mkondo hufika mapema kidogo, unaopanda mkondo huchelewa kidogo, na tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo mali yote iliyo mkononi mwa mita. Mengine yote, yaani kipenyo, unene wa ukuta, aina ya maji, na hata dhana kwamba bomba limejaa, ni maneno ya fundi ambayo mita imeyakubali bila kuyahoji.

Tuchukue bomba moja tutembee nalo hadi mwisho. Ni bomba la chuma la inchi 8, linatoka kwenye nyumba ya pampu ya kisima kirefu na kupanda hadi tangi la zege kilimani. Kipenyo chake cha nje ni milimita 219.1 na ukuta una milimita 6.3, kwa hiyo kwa hesabu ndani kuna milimita 206.5. Wenye mradi wanataka kujua kama mita kuukuu ya pale kituoni bado inasema kweli. Katika bomba hili safari ya mlio kwenda na kurudi ukutani huchukua kama mikrosekunde 300. Maji yakitembea mita 1 kwa sekunde, tofauti kati ya kwenda na mkondo na kuupanda ni kama nanosekunde 160, chini ya sehemu moja katika elfu moja na mia nane ya safari yenyewe. Yakitembea sentimita 10 kwa sekunde, tofauti inabaki nanosekunde 16. Mita za leo zinaweza kupima muda mfupi namna hiyo. Zisichoweza ni kusahihisha uongo tulioziambia kuhusu bomba.

Kazi inaanza kwa kuchagua mahali, na hapo ndipo wengi huharibu kabla hata ya kufungua boksi. Mita hudhani kwamba maji yanakwenda kwa mpangilio wa kawaida: kasi zaidi katikati, pole pole kandokando, sawasawa pande zote. Mlio hupita katikati tu, mahali penye kasi, kwa hiyo mita hupunguza hesabu kwa asilimia chache ili kupata wastani wa bomba zima. Upunguzaji huo ni sahihi kama mkondo umetulia. Baada ya elbo, tii, pampu au valvu iliyofunguliwa nusu, maji huegemea upande mmoja au huzunguka kama yamekorogwa, na dhana hiyo huanguka. Kanuni inayotajwa na watengenezaji wengi ni bomba lililonyooka mara kumi ya kipenyo kabla ya vihisi na mara tano baada yake. Kwa bomba letu hiyo ni mita 2.1 na mita 1. Ila kipimo hicho ni cha elbo moja ya kawaida. Baada ya pampu, au baada ya valvu inayobana maji, afadhali kuhesabu mara thelathini, yaani zaidi ya mita 6. Ndani ya nyumba ya pampu nafasi hiyo mara nyingi haipo. Hapo ni heri kutoka nje, kufuata bomba lilivyolala, na kuchimba shimo mahali palipo sawa, kuliko kung'ang'ania pale penye kivuli na soketi ya umeme. Nimeona mafundi wakitetea sehemu mbaya kwa sababu tu waya wa kihisi ulikuwa mfupi.

Jambo la pili kuhusu mahali ni zito zaidi, nalo ni kujaa kwa bomba. Mita huzidisha kasi kwa eneo lote la ndani. Haina njia ya kuona kwamba juu kuna hewa. Ndiyo maana katika bomba lililolala vihisi hufungwa ubavuni: mgongoni hukusanyika hewa, tumboni hutulia mchanga na tope, na vyote viwili hukatiza mlio. Lakini ushauri huo mzuri una mtego ndani yake. Vihisi vikiwa ubavuni, mlio unavuka katikati ya bomba, na hata maji yakiwa yamejaa asilimia 80 tu ya kimo njia yake yote imo majini. Alama za mlio zitakuwa nzuri kabisa. Kumbe eneo lenye maji ni asilimia 86 tu ya eneo ambalo mita inalizidisha, na namba inayotoka ni kubwa kuliko ukweli kwa karibu asilimia 17. Hakuna kengele itakayolia.

Hili hutokea hasa mahali bomba linaposhuka baada ya kilele, na kwenye kipande cha mwisho kinachomimina maji juu ya tangi bila kizuizi. Mahali salama ni kipande kinachopanda, au sehemu ya chini ya mteremko ambako mbele yake bomba linainuka tena na kulazimisha maji kujaa. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Kabla ya kukaza mikanda, hamisha vihisi kwa dakika chache kutoka ubavuni hadi mgongoni. Mlio ukiendelea kupita hapo, juu hakuna hewa. Ukikatika, na vihisi vilivyokuwa vinasikilizana vizuri ubavuni sasa ni viziwi, basi umepata jibu lako: tafuta mahali pengine. Kazi hii haigharimu chochote zaidi ya grisi kidogo, na sioni kwa nini isiwe desturi.

Mahali pakishapatikana, tunakuja kwenye vipimo. Kosa la kwanza ni kuliamini jina la bomba. Inchi 8 ni jina tu. Anayezidisha 8 kwa 25.4 anapata milimita 203, akiingiza hiyo kama kipenyo cha nje mita itadhani ndani kuna milimita 190.6, na mtiririko utasomeka pungufu kwa karibu asilimia 15. Mabomba ya plastiki nayo yana mila yake: bomba la polithini linaloitwa 200 lina milimita 200 kwa nje, si ndani. Kwa hiyo jina liachwe. Zungusha tepu kwenye bomba lililosafishwa, gawa mzingo kwa 3.1416, na upate kipenyo. Bomba letu likizungushwa tepu linatoa milimita 688, yaani kipenyo cha 219. Kama kuna tabaka nene la lami au rangi pale tepu inapopita, lipimwe na kutolewa.

Unene wa ukuta hauonekani kwa nje, na jedwali la kiwandani linasema bomba lilivyokuwa jipya, si lilivyo baada ya miaka ishirini ardhini. Kipimio cha unene, ambacho nacho hutumia mlio, huwekwa juu ya chuma kilichokwanguliwa. Kikiwekwa juu ya rangi huhesabu rangi kama chuma, tena huikuza, kwa sababu sauti husafiri polepole zaidi ndani ya rangi. Pima sehemu nne kuzunguka bomba, kwa maana kutu haili sawasawa, kisha chukua wastani.

Baada ya hapo kinabaki kile ambacho tepu na kipimio cha unene havikioni: gamba la ndani. Maji ya visima vingi yana chokaa, na bomba la chuma lisilo na bitana ya saruji huota vinundu vya kutu. Kipimio cha unene kwa kawaida husoma mwisho wa chuma na kuliacha gamba. Chukua gamba la milimita 3 tu kuzunguka ndani ya bomba letu. Kipenyo kinashuka kutoka 206.5 hadi 200.5. Eneo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo linapungua kwa karibu asilimia 6, na mita isiyojua habari za gamba itazidisha kasi kwa eneo ambalo halipo tena. Ushahidi wa gamba hutafutwa kwa maswali: je, kuna kipande kilichokatwa wakati wa matengenezo, kimetupwa nyuma ya stoo? Je, flanji iliyo karibu ilifunguliwa lini, na nani aliona ndani? Kipande kimoja cha bomba kuukuu kina thamani kuliko jedwali zima.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya mikono, na nitaipitia haraka. Bomba hukwanguliwa rangi na kutu hadi chuma king'ae, kwa msasa au tupa, bila kuchimba mashimo. Grisi hupakwa usoni mwa kihisi kiasi cha kujaza kila upenyo, maana hewa nyembamba kama karatasi inatosha kuzuia mlio wote. Jeli ya hospitali inafaa kwa kipimo cha asubuhi moja. Kwa mita itakayokaa miezi, tumia grisi ya silikoni, kwa sababu jeli hukauka na grisi ya kawaida huyeyuka na kuchuruzika bomba likipigwa na jua. Umbali kati ya vihisi mita yenyewe huukokotoa baada ya kupewa vipimo. Hakikisha tu kitabu kinasema umbali huo unapimwa kutoka wapi hadi wapi, kwa kuwa kampuni nyingine huhesabu kati ya nyuso zinazotazamana na nyingine kati ya alama zilizochorwa. Vihisi vyote viwili viwe kwenye mstari mmoja unaokwenda sambamba na bomba, na kile kilichoandikwa cha juu kiwe upande maji yanakotoka, la sivyo namba itakuja na alama ya kutoa.

Kuna chaguo moja hapa linalostahili kusimamiwa. Vihisi vikiwa upande mmoja, mlio hugonga ukuta wa pili na kurudi, umbo la herufi V. Vikiwa pande mbili zinazotazamana, mlio huvuka mara moja, umbo la Z. Fundi akipata mlio hafifu hukimbilia Z, kwa kuwa safari ni fupi na mlio unafika na nguvu. Kwa bomba bovu au kubwa sana hana budi. Lakini V ina faida isiyoonekana: maji yakiwa yanakwenda upande kidogo kwa sababu ya elbo ya nyuma, kosa linaloingia mlio ukienda hufutwa kwa sehemu kubwa mlio ukirudi. Z haina ufutaji huo. Na kwa bomba la milimita 200, kushindwa kwa V huwa kunaeleza jambo: grisi haijakaa, umbali si sahihi, au gamba la ndani ni baya. Kubadili kwenda Z huzima dalili na kuacha ugonjwa.

Sasa kioo kinawaka. Katika mita za familia ya TUF-2000, ambazo zimeenea kwa sababu ya bei, dirisha la `M90` huonyesha nguvu ya mlio na ubora wake, na zote mbili zinatakiwa ziwe juu ya 60. Mafundi wengi huishia hapo. Alama hizi zinasema mlio unapita. Hazisemi kwamba mtiririko ni sahihi. Dirisha lenye maana zaidi ni `M91`, linalolinganisha muda ambao mlio umetumia kweli na muda uliotarajiwa kwa vipimo ulivyoingiza. Linatakiwa liwe kati ya asilimia 97 na 103. Yule aliyeingiza milimita 203 atakuta kama 108, na hapo kosa lake limemkamata. Dirisha la `M92` linaonyesha kasi ya sauti katika maji kama mita inavyoiona. Maji safi ya nyuzi 25 yana kasi ya karibu mita 1,497 kwa sekunde, na ya nyuzi 30 karibu 1,509. Ukijua joto la maji unajua namba unayopaswa kuiona.

Lakini rudi kwenye gamba la milimita 3. Njia ya mlio ndani ya maji imefupishwa kwa karibu asilimia 3, ingawa mlio unapoteza muda kidogo ukipita ndani ya gamba lenyewe. `M91` itasoma karibu 97 au 98. Imo ndani ya mipaka! Kitabu kinasema kila kitu ni sawa, na mtiririko umezidi kwa asilimia 6. Hii ndiyo sababu sipendi kuchukulia mipaka hiyo kama hukumu. Kosa la kipenyo huingia mara moja tu kwenye muda wa mlio, lakini kwenye eneo huingia mara mbili. Anayesoma `M92` pamoja na kipimajoto ana uwezo wa kuona zaidi: maji ni ya nyuzi 25, mita inadai kasi ya sauti ni kati ya 1,520 na 1,540. Maji hayawezi. Kwa hiyo njia ni fupi kuliko ilivyoandikwa, na mshukiwa wa kwanza ni gamba.

Shaka hiyo huthibitishwa na tangi. Tangi letu kilimani lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 kwa ndani, kwa hiyo kila sentimita ya kupanda ni mita za ujazo 0.8. Valvu ya kutokea inafungwa, mtu mmoja anasimama na rula ndefu na saa, mwingine anabaki kwenye mita. Mita inaonyesha kasi ya mita 1 kwa sekunde na mtiririko wa mita za ujazo 120.6 kwa saa. Kama ni kweli, maji yanatakiwa kupanda sentimita 50, yaani mita za ujazo 40, kwa dakika 20 hivi. Yanachukua dakika 21 na sekunde kama 6. Hesabu ya tangi ni 113.7 kwa saa. Rula ikikosea milimita 5 katika sentimita 50, hilo ni kosa la asilimia 1 tu, kwa hiyo tofauti ya asilimia 6 haiwezi kusingiziwa rula. Ingiza kipenyo cha ndani cha 200.5 badala ya 206.5, weka upya umbali wa vihisi kama mita itakavyoelekeza, na namba inashuka hadi 113.7 huku kasi ya sauti ikirudi karibu na 1,500. Pande mbili zisizojuana zimekubaliana.

Angalia njia ya mkato iliyokuwepo: mita hizi zina dirisha la kuzidisha matokeo kwa kigezo chochote. Fundi angeweza kuandika 0.943 na kuondoka. Siku hiyo namba ingekuwa sahihi. Lakini kigezo hakisemi kilitoka wapi, na kama chanzo kilikuwa mkondo uliovurugwa na valvu, siku valvu ikifunguliwa zaidi kigezo kinageuka kosa jipya. Kigezo kitumike tu baada ya chanzo kujulikana na kuandikwa, pamoja na tarehe.

Imebaki sifuri. Pampu ikizimwa na maji yakatulia, mita itaonyesha kitu kidogo kisicho sifuri, labda mita 0.02 kwa sekunde. Mchana, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, hiyo ni asilimia 2. Usiku, yakienda 0.1, ni asilimia 20. Kwa hiyo mita ina amri ya kuweka sifuri, `M42` katika familia ile ile, na wafungaji huibonyeza kwa haraka. Wanachosahau kuuliza ni kama maji yamesimama kweli. Bomba letu linapanda kilimani, na kinachozuia maji yasirudi ni valvu ya kuzuia kurudi iliyo baada ya pampu. Zikivuja, valvu hizo huvuja kimya. Maji yanarudi kisimani polepole, mita inaonyesha 0.02 yenye alama ya kutoa, na fundi anaifundisha kwamba huko ndiko kusimama. Tangu hapo, bomba likiwa limejaa na pampu ikifanya kazi, kila saa mita itaongeza mita za ujazo 2.3 zisizokuwepo. Kwa pampu inayokesha ni karibu 55 kwa siku, na valvu mbovu imepata mahali pa kujificha. Kabla ya kubonyeza, funga valvu ya mkono iliyo mbele ya ile ya kuzuia kurudi na usubiri dakika kadhaa. Namba ikisogea kuelekea sifuri baada ya kufunga, ulichokuwa unakiona ni mtiririko, na kazi ya kwanza ni ya valvu, si ya mita. Ikibaki pale pale, hapo sasa `M42`.

Vihisi vilivyokaa vizuri hukaguliwa tena baada ya wiki chache, kisha kila baada ya miezi michache, kwa kulinganisha `M90` na `M92` na zile zilizoandikwa siku ya kufunga. Nguvu ya mlio ikishuka huku kasi ya sauti ikibaki palepale, ni grisi: legeza mkanda, futa, paka upya. Kasi ya sauti ikipanda taratibu mwezi kwa mwezi bila maji kubadilika joto, gamba linaendelea kukua, na kipenyo cha ndani kilichoingizwa mwaka jana kimeshapitwa na wakati.